Mteja kamfungua mbuzi wangu mdomo akaniita muongo. Tangazo la mbuzi linaandikwaje?

Mama Pacha: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Niliweka tangazo la mbuzi wanne, niliandika "mbuzi wazuri, wazima kabisa, miezi 8, kilo 30 kila mmoja, njoo uchukue". Mteja kaja, kamshika wa kwanza kamfungua mdomo, akasema huyu ana meno mawili makubwa, miezi nane imetoka wapi, akapandisha kwenye mizani yake ikasoma 26, basi akaondoka amekasirika. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu, umri niliambiwa na aliyeniuzia na uzito nilipima mwenyewe jioni wametoka malishoni. Imeniuma sana. Niandikeje sasa?

Zizi_Kubwa: Mpime asubuhi kabla hajala dada. Na meno ni hivi, meno mawili makubwa ni mwaka mmoja na nusu, manne ni miwili, hakuna kukosea hapo.

Mzee wa Malisho: Zizi_Kubwa hapo kwenye kupima asubuhi uko sawa kabisa, mbuzi akitoka malishoni amebeba majani na maji tumboni, kilo kadhaa zinaongezeka bila nyama yoyote. Ila kwenye meno usiseme hakuna kukosea. Jozi ya kwanza ya meno makubwa mbele kwenye taya la chini (juu mbele hana meno kabisa) huwa inatoka karibu na mwaka mmoja, wengine inachelewa miezi kadhaa, inategemea lishe na aina ya mbuzi. Mama Pacha kama hukuandika tarehe ya kuzaliwa usitaje miezi, andika unachokiona: "ana meno mawili makubwa, makadirio zaidi ya mwaka". Na weka picha ya mdomo, hapo hakuna wa kukuita muongo.

Uzito kama huna mizani chukua futi ya fundi cherehani. Mbuzi asimame sawa, zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, isikaze wala isilegee, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako. Kwa sentimita, zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo. Ni makadirio tu, mwenye mimba kubwa atakudanganya.

Kuku Wangu: Samahani naingilia, na mimi nauza kuku, je na wao naangalia meno? Au nipime kifua?

Mzee wa Malisho: Kuku hana meno ndugu yangu 😀 wewe andika tarehe walioanguliwa na uwapime kwenye mizani, fungua uzi wako tutakusaidia.

Mama Pacha: Nimempima yule yule aliyeleta ugomvi, kifua 68, urefu 61, nimepata 26!! Kumbe mizani ya mteja ilikuwa sahihi, nitampigia nimwombe radhi. Sasa kwenye afya, "wazima kabisa" ina shida gani? Hawaumwi kweli.

Mzee wa Malisho: Shida ni kwamba hilo neno mteja hawezi kulikagua. Andika ulichofanya na lini. Amepewa dawa ya minyoo tarehe fulani, jina la dawa, na siku za kusubiri kabla ya kuchinja kama zilivyo kwenye chupa, maana mtu akinunua leo kachinja kesho anakula dawa. Chanjo gani, tarehe gani, na ambayo hajapata useme hajapata. Mvute kope la chini ulipige picha, likiwa jekundu au pinki iliyokoza ni dalili nzuri, likiwa jeupe damu imepungua, mara nyingi ni minyoo, huyo usimuuze kwanza, mtibu.

Zizi_Kubwa: Mimi naandika chanjo zote tu, wateja hawaulizi.

Dada Mshamba: Wanauliza baadaye. Mimi nilinunua mbuzi wa "chanjo zote" nikamchanganya na wangu siku hiyo hiyo, ndani ya wiki wanakohoa na kutoa makamasi, nikapoteza watatu. Siku hizi mgeni anakaa peke yake wiki tatu, na tangazo lisilo na tarehe silipigii simu.

Mama Pacha: Pole sana dada. Basi nimeandika hivi: "Mbuzi jike, meno mawili makubwa, kilo 26 asubuhi kabla ya kula. Dawa ya minyoo tarehe 3, asichinjwe kabla siku za kwenye chupa hazijaisha. Chanjo ya homa ya mapafu hajapata. Kuchukua ni zizini asubuhi, tunapima pamoja kabla hajapakiwa, akishapakiwa uzito haujadiliwi tena." Ni sawa?

Mzee wa Malisho: Safi. Ongeza kama amekaa na beberu, anaweza kuwa na mimba. Na zipo dawa za minyoo hazifai mimba ikiwa changa, albendazole ni mojawapo.

Zizi_Kubwa: Hiyo ya uzito haujadiliwi mimi siikubali, mbuzi akisafiri nusu siku anakojoa na kunya njia nzima, anafika amepungua. Hasara ya nani?

Dada Mshamba: Ya mnunuzi, si alipima mwenyewe?

Zizi_Kubwa: Kwangu hapana, tunagawana.