Punguzo la hatifungani: mafungu sawa au riba halisi?

Kijana_wa_Leja: Wakuu, shikamooni. Kampuni imetoa hatifungani za shilingi milioni 100 kwa miaka 5, kuponi asilimia 10 kila mwisho wa mwaka. Soko lilitaka asilimia 12, tukapokea 92,790,448. Bosi anasema punguzo la 7,209,552 nigawe kwa 5, yaani 1,441,910 kila mwaka, biashara iishe. Mkaguzi anang'ang'ania riba halisi. Kuna tofauti gani wakati jumla ni ileile?

Mzee_Salio: Marahaba. Jumla ni ileile, ila miaka inadanganywa. Kwa mafungu sawa, gharama ya riba ni 11,441,910 kila mwaka huku deni vitabuni linakua. Piga hesabu: mwaka wa 1 ni asilimia 12.33 ya deni, mwaka wa 5 ni 11.61. Ulikopa kwa 12, hiyo riba inayoshuka imetoka wapi?

Kwa riba halisi unazidisha deni la mwanzo wa mwaka kwa asilimia 12: 11,134,854. Debiti gharama ya riba kiasi hicho, krediti benki milioni 10, na 1,134,854 inayobaki krediti hatifungani. Deni linakuwa 93,925,302. Mwaka wa 2 unaanzia hapo: riba 11,271,036, punguzo 1,271,036. Fungu linakua kila mwaka hadi 1,785,714 mwaka wa 5, na deni linatua milioni 100. Lisipotua hapo (ukiacha shilingi moja mbili za kukadiria), umezidisha 12 kwa milioni 100 badala ya deni la vitabuni. Ndilo kosa ninaloliona mara nyingi.

Dada_Hesabu: Mzee, usimtishe kijana. Mwaka wa 1 tofauti ni 307,056 tu. Kwa kampuni kubwa mafungu sawa yanapita.

Mzee_Salio: Kupita kwa sababu kiasi ni kidogo si kuruhusiwa, dada. Marekani wanaikubali kama matokeo hayatofautiani sana. IFRS 9 inataka riba halisi.

Mama_Akiba: Mimi nilinunua hatifungani ya serikali chini ya bei. Hilo punguzo nalipwa lini?

Dada_Hesabu: Mama, hapa ni upande wa anayekopa. Wewe ukiishikilia hadi iive, utalipwa thamani yote iliyoandikwa, punguzo likiwemo.

Kijana_wa_Leja: Ahsanteni. Ila tulilipa pia wakala na wanasheria milioni 1, nimeiweka kwenye matumizi ya mwaka huu.

Mzee_Salio: Hapo ndipo penyewe! Iondoe huko. Anza na 91,790,448 utafute riba upya:

```
=RATE(5,10000000,-91790448,100000000)
```

Utapata kama asilimia 12.29, na jedwali lote linabadilika.

Dada_Hesabu: Kwa milioni 1 tu? Mimi ningemuuliza mkaguzi kwanza kiwango chake cha kiasi kikubwa ni kipi.

Kijana_wa_Leja: Namuuliza Jumatatu. Bosi bado hajakubali hata ile ya kwanza.