Natengeneza kinga ya CPPI badala ya kununua opsheni ya kuuza: sakafu yangu itashika?

Nahodha77:
Habari wakuu. Niko Toronto, nina dola 100,000 kwenye mfuko unaofuata S&P 500. Sitaki zishuke chini ya 80,000. Nilitaka kununua opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa hata soko likianguka, lakini kulipa bei ile kila mwaka kunauma. Nikakutana na CPPI, kanuni ya kupunguza hisa kadiri thamani inavyokaribia sakafu, yaani kiwango usichotaka kushuka chini yake:

```
hisa = m × (thamani − sakafu)
```

Kizidishi m nimekichagua kiwe 4. Ziada juu ya sakafu ni 20,000, kwa hiyo 80,000 zinakaa kwenye hisa na 20,000 kwenye dhamana fupi za serikali. Kila mwezi, tarehe 20 hivi, napiga hesabu upya. Hii si sawa na kuwa na opsheni, ila ya bure?

Kipanga_Mbeya:
Ni ile ile mkuu. Soko likishuka unauza, likipanda unanunua, na ndivyo anavyofanya hata benki anayekuuzia opsheni ili ajikinge. Kwa nini umlipe yeye? Weka na oda ya kuuza yenyewe bei ikigusa kiwango fulani, ulale.

BintiTanga:
Kipanga, kuhusu kufanana uko sawa. "Bure" ndiyo siyo. Nimefanya kazi ya kusimamia hatari za mifuko ya aina hii, kwa hiyo Nahodha, tufuate hesabu yako mwenyewe.

Soko likishuka 10%, hisa zako zinabaki 72,000 na jumla yako 92,000. Ziada sasa ni 12,000, kwa hiyo unatakiwa kuwa na hisa za 48,000 tu. Unauza za 24,000. Soko likirudi pale pale lilipoanzia, zile 48,000 zinakuwa 53,333 na jumla yako ni 97,333. Soko halijapoteza kitu, wewe umepoteza kama 2,667. Hiyo ndiyo bei ya kinga yako. Mwenye opsheni analipa mwanzoni na anajua kiasi. Wewe unalipa kidogo kidogo kadiri soko linavyoyumba, na huwezi kujua mapema itafika ngapi.

Hilo bado linavumilika. Tatizo kubwa ni shimo la bei. Tuseme uko kwenye 48,000 za hisa na 44,000 za dhamana, kisha soko linaanguka 30% kabla hujauza hata hisa moja. Unabaki na 77,600. Sakafu imevunjika, na kwa kanuni yako hisa zote zinauzwa, kwa hiyo hata soko likipanda kesho wewe humo. Mpaka wako ni 1/m: kwa m = 4, anguko lolote linalozidi 25% kati ya hesabu moja na nyingine linavunja sakafu. Mwenye opsheni angeuza kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, na shimo lingekuwa la aliyemuuzia.

Kipanga_Mbeya:
Ndiyo maana nikasema oda. Na S&P 500 haianguki 25% kwa siku, soko linafungwa ikifika 20%.

BintiTanga:
Linafungwa, lakini kufungwa hakukuuzii hisa. Kesho yake linaweza kufunguka chini zaidi. Na oda yako ikiguswa inauza kwa bei inayopatikana, si uliyoandika. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Waliokuwa na oda karibu na hapo waliuziwa chini kabisa, maana katikati hapakuwa na mnunuzi.

Tarehe 19 Oktoba 1987 ni mbaya zaidi: Dow ilishuka 22.6% kwa siku moja, na sehemu ya wauzaji walikuwa mifuko iliyokuwa ikiiga opsheni kama Nahodha. Wote kanuni iliwaambia wauze saa ile ile.

Mama Neema:
Mimi hisa zangu ziko Dar. Niliweka za kampuni moja sokoni nikakaa wiki kadhaa bila mnunuzi. Kwa hiyo hii CPPI kwetu inafaa?

BintiTanga:
Mama Neema, kwako haifai. Kanuni nzima inategemea kuuza leo.

Na wewe Nahodha, tatizo hilo umejitengenezea kwa tarehe zako. Kuanzia 19 Februari hadi 23 Machi 2020 S&P 500 ilishuka karibu 34%. Mwenye mpango wako aliyepiga hesabu mwanzo na mwisho wa kipindi hicho tu angebaki na kama 72,800. Wiki mbaya kuliko zote ilishuka kama 15%, kwa hiyo aliyepiga hesabu kila wiki hakugusa mpaka wa 25%.

Nahodha77:
Nimeelewa, nahamia kila wiki. Nikishusha m hadi 3 na kuacha opsheni kabisa?

BintiTanga:
Mpaka wako unakuwa 33%. Ningefanya hivyo.

Kipanga_Mbeya:
Mimi ningebaki na 4, ninunue opsheni ya bei ya mbali, ile inayolipa soko likianguka kupita 25%. Ni nafuu kuliko ya karibu, na m = 3 inakunyima faida miaka yote mizuri.

BintiTanga:
Inafanya kazi, ila baada ya mshtuko bei yake hupanda vibaya, na hapo ndipo utahitaji kuinunua tena.

Kipanga_Mbeya:
Basi anunue ya miaka miwili sasa hivi. Nahodha, broka wako anakuonyesha bei gani?