Jamaa kanipigia ukelele sikioni kuniambia HAKUNA KELELE

Wakuu, bado natetemeka kwa hasira. Mnamjua huyu, kila kiwanda kinaye: koti la kung'aa, kalamu tatu mfukoni, tumbo linatangulia ofisini dakika tano kabla yake.

Niko Uingereza, kiwanda cha mbao, nasimamia mashine ya randa. Nimeomba viziba masikio tangu baridi haijaanza. Leo kaja "kupima". Kangoja mapumziko ya chai, randa imezimwa, kasimama mlangoni karibu na birika, katoa SIMU. Simu! Ikasoma desibeli 72. Mashine ikawashwa, nikamuuliza mbona hapimi sasa. Akanishika bega, akaniwekea mdomo sikioni, akapiga ukelele mpaka mate yakanifika: "HAKUNA KELELE HAPA!"

Mtu anakupigia ukelele kukuambia hakuna kelele! Mate yake yalikuwa na desibeli zake peke yake.

Kijukuu_cha_Pwani: 😂😂 Mkuu pole, ila mate ndiyo ushahidi. Usinawe.

Mzee_Karakana: Kijana, huyo kapima birika. Kinachopimwa ni dozi ya siku nzima inayofika sikioni mwako. Unavalishwa kipimo kidogo begani, upande wenye kelele zaidi, unafanya kazi yako ya kawaida. Au mtu anakaa na mita karibu na sikio lako, kila kazi anaandika desibeli na muda wake. Na mita inahakikiwa kwa kifaa chake kabla na baada ya kupima. Yeye simu yake aliihakiki na nini, kijiko? Randa unakaa nayo muda gani?

Mtoa mada: Kama masaa mawili kwa siku. Mwakilishi wetu wa usalama aliwahi kuleta mita ya kweli, ikasoma 94 pale ninaposimama. Masaa mengine niko kwenye kupanga mbao, 78. Lakini hamjanielewa: kanipigia UKELELE SIKIONI.

Mzee_Karakana: Tumekuelewa. Sasa hesabu. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, kwa hiyo muda unakatwa nusu. 85 kwa masaa manane ni sawa na 88 kwa manne, 91 kwa mawili, 94 kwa saa moja. Wewe unakaa mawili kwenye 94, yaani umekula dozi ya 85 mara mbili. Siku yako ni 88 na ushee. Yale masaa sita ya 78 hayaongezi hata desibeli moja.

Mombasa_Raha: Wacha kudanganya watu mzee. Sheria ni 90. Mimi niko kiwandani miaka mingi.

Mzee_Karakana: Ndugu yangu, 90 kwa masaa manane ni kanuni za Kenya za 2005, na hata huko mwajiri anatakiwa aanze mpango wa kudhibiti kelele ikipita 85. Mtoa mada yuko Uingereza. Huko dozi ya siku ikifika 80, ukiomba viziba lazima upewe. Ikifika 85 si ombi tena: eneo linawekewa alama na hakuna anayeingia bila kinga, hata huyo mwenye kalamu tatu. Ukikataa kuvaa, kosa ni lako pia.

Mombasa_Raha: Basi nilikuwa sawa nusu.

Dada_Shangazi: Si avae tu pamba, ashuke chini ya 85, yaishe?

Mzee_Karakana: Hapana mama. 80 na 85 zinahesabiwa kana kwamba masikio yako wazi. Kinga unaihesabu kwenye kikomo cha 87 tu, ambacho hakivukwi. Na kabla ya kugawa viziba, mwenye kiwanda anatakiwa kwanza kupunguza kelele yenyewe: visu butu vya randa, kifuniko kilicholegea. Pamba ya dukani haizibi kitu.

Tandale_Kwetu: Na sisi jirani wa baa je? Spika zimeelekezwa dirishani kwangu, Ijumaa mpaka alfajiri. Hiyo 85 inakamata baa?

Mzee_Karakana: Hiyo ni ya wafanyakazi. Mhudumu wa kaunta labda. Wewe nenda serikali ya mtaa.

Tandale_Kwetu: Mwenyekiti wa mtaa ndiye mteja wao wa kwanza!

Kijukuu_cha_Pwani: 😂😂😂

Dada_Shangazi: Heri baa. Kwangu jogoo wa jirani, saa tisa usiku.

Mtoa mada: Jamani, uzi wangu. Kuna mluzi sikioni tangu mchana, sijui ni randa au ni yeye.

Mzee_Karakana: Ukiamka kesho na mluzi bado upo, nenda ukapimwe usikivu, na uandike tarehe.

Mombasa_Raha: Jogoo ana desibeli ngapi lakini?

Tandale_Kwetu: Lete simu tupime, tusimame karibu na birika.