Jalada langu limerudishwa mara ya NNE: wananitajia kosa moja moja huku karatasi nyingine zinakufa

NyayoMbele:

Wakuu, nina hasira, nitaandika hivyo hivyo.

Naomba leseni ya kuongoza watalii. Wanachotaka si cha ajabu: uthibitisho wa mafunzo, cheti cha huduma ya kwanza na fomu mbili za wadhamini. Vyote ninavyo na vyote ni vya kweli. Leo tarehe 6 Juni nimetoka kaunta na bahasha ile ile kwapani, imechoka pembe zote, kwa mara ya nne.

Nyuma ya fomu ya maombi kuna masharti mawili kwa maandishi madogo. Fomu ya mdhamini isizidi siku 90 tangu iliposainiwa. Cheti cha huduma ya kwanza kiwe kimebakiza angalau miezi 6 siku jalada linapopokelewa "likiwa kamili". Hilo neno kamili mlishike, ndilo lililonimaliza.

Nilipeleka kila kitu tarehe 3 Machi. Cheti changu kinaisha tarehe 30 Novemba, kwa hiyo nilikuwa na karibu miezi 9 mkononi. Wadhamini walisaini tarehe 20 na 22 Februari, wino haujakauka. Nikasema safari hii nimejipanga.

Tarehe 28 Machi likarudi. Nilikuwa nimeambatisha barua ya chuo inayosema nimehitimu, wao wanataka cheti chenyewe pamoja na orodha ya masomo na saa za kila somo, ili waone nilifanya mafunzo ya vitendo njiani na sikuishia darasani. Sawa, hilo ni kosa langu, nalikubali. Chuo kilinizungusha karibu mwezi mzima kunitolea hiyo orodha, nikarudisha jalada tarehe 25 Aprili.

Tarehe 19 Mei likarudi tena. Safari hii kijana wa kaunta alifungua cheti cha huduma ya kwanza, akaweka ncha ya kalamu chini ya jina langu, akaisogeza taratibu kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Hapa majina mawili. Kitambulisho majina matatu." Nikamuuliza, cheti hiki si ndicho mlichokuwa nacho tangu tarehe 3 Machi? Akasema yeye hakukisoma mwezi Machi.

Waliotoa cheti walinisaidia, wakakichapa upya kwa majina matatu na tarehe zile zile. Nikarudi kaunta tarehe 28 Mei. Dada aliyekuwepo siku hiyo akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akanirudishia papo hapo: fomu za wadhamini zimekwisha, moja tangu tarehe 21, nyingine tarehe 23. Yaani zimekufa zikiwa safarini kwenda kusahihisha jina!

Mdhamini mmoja alikuwa porini na kundi la wageni. Nimepata saini mpya tarehe 2 na 5 Juni. Leo nimefika nikijua nimemaliza. Wamehesabu: kutoka leo hadi 30 Novemba haitimii miezi 6. Nimechelewa wiki moja. Niende nikasome huduma ya kwanza upya.

Huduma ya kwanza naijua! Kilichozeeka ni karatasi, na imezeekea mezani kwao. Nani amewahi kutoka kwenye huu mduara?

Haraka_Haraka:

Pole dada, ila mbona rahisi. Ingia mtandaoni, kuna kozi za huduma ya kwanza unamaliza jioni moja, unajibu maswali, cheti unapakua. Kesho unapeleka, kina miaka 2 mbele. Mimi nilifanya hivyo kazini kwetu wakapokea bila neno.

MzeeWaKofia:

Haraka, kazini kwenu ni ofisini. Kwa mtu anayepeleka wageni mbali na gari, wakaguzi wengi hutafuta mstari unaosema amepimwa kwa vitendo, na cheti cha kujibu maswali tu mara nyingi hakina mstari huo. Kuna sababu. Kukandamiza kifua cha mtu mzima ni kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Kuandika hizo namba anaweza yeyote. Kupiga magoti mbele ya sanamu na kuendelea kwa kina hicho hicho dakika ya pili mikono ikiwa imeanza kutetemeka ni habari nyingine, na lazima mkufunzi akuone. Akipeleka cha mtandaoni, jalada litarudi mara ya tano.

NyayoMbele, nimesainia vijana wengi fomu za udhamini na nimeona majalada mengi yakirudi. Nina maswali mawili. Tarehe 3 Machi walikupa karatasi gani, risiti ya malipo tu, au hati inayoorodhesha ulichokabidhi? Na kila waliporudisha, waliandika sababu au walikwambia mdomoni?

NyayoMbele:

Mzee shikamoo. Risiti ya malipo ina tarehe lakini haitaji nyaraka. Mara ya kwanza na ya pili kuna karatasi ya sababu ndani ya jalada. Mara ya tatu na leo ni mdomo tu.

Bwana_Stempu:

Mimi nashangaa hao wadhamini umewapataje kirahisi. Kwenye mkopo wangu mdhamini aliweka hati ya kiwanja. Wewe ukimpoteza mtalii wanakamata mali ya nani?

MzeeWaKofia:

Bwana Stempu, huyo ni mdhamini wa mkopo. Huyu wa leseni haweki mali yoyote. Anaeleza anakufahamu tangu lini, kwa kazi gani, na kama amekuona ukiongoza watu. Ndiyo maana hawataki ndugu, na ndiyo maana siku zake ni chache: wanataka kauli ya sasa kuhusu mtu wa sasa.

MamaWawili:

Afadhali wewe. Mimi yangu ilirudi kwa sababu mdhamini ana jina la mwisho kama langu. Si ndugu, hatuna hata babu wa mbali! Niliandika barua kueleza, wakasema hawasomi barua, wanasoma fomu. Nikatafuta mtu mwingine kabisa. Halafu huyo mwingine akaandika maneno matano, "ni mtu mzuri na mwaminifu". Ikarudi pia.

Kaa_Kaunta:

Nitapigwa mawe lakini nitasema. Niliwahi kufanya kazi ya kupokea majalada, si ofisi hiyo. Anayekagua hasomi jalada lote. Anasoma kwa mpangilio wa karatasi, akikuta dosari ya kwanza anaandika, anafunga, anachukua linalofuata. Likirudi analipata mtu mwingine, anaendelea kutoka pale. Hakuna anayekukomoa. Mezani kuna rundo, na mkuu wako anahesabu majalada uliyoshughulikia, hahesabu mangapi yamekamilika.

NyayoMbele:

Kwa hiyo mimi ni majalada manne kwenye hesabu ya mtu? Hongereni sana.

Kaa_Kaunta:

Ndiyo hivyo, dada.

MzeeWaKofia:

Kaa ametoboa siri muhimu. Sasa tugawanye hili jambo, maana kuna la kudai na kuna la kufanya wakati unadai.

La kudai ni jina. Dosari ya jina ilikuwepo tangu tarehe 3 Machi, kwenye karatasi ile ile, na una hati ya 28 Machi inayotaja mafunzo tu. Wangeitaja siku hiyo, ungetengeneza jina wakati ule ule unaosubiri chuo, na tarehe 25 Aprili jalada lingekuwa kamili: fomu za wadhamini hai, cheti kina miezi 7. Andika hivyo kwa ukurasa mmoja, ambatisha zile karatasi mbili za sababu, omba cheti kihesabiwe kwa tarehe 25 Aprili. Usiombe tarehe 3 Machi. Siku hiyo hukuwa na orodha ya masomo, watakushika hapo hapo na barua yote itaanguka. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Kama watakubali sijui. Inategemea kama mkuu wa pale ana ruhusa ya kulegeza sharti.

La kufanya: usiende kusoma huduma ya kwanza upya kabla hujauliza. Cheti chako bado ki hai mpaka Novemba. Watoaji wengi wana kozi fupi ya kuhuisha kwa mwenye cheti ambacho hakijaisha, unapimwa vitendo tena na kupewa cheti kipya. Ukisubiri kiishe, mlango huo mara nyingi unafungwa na unaanza mwanzo. Na siku ya kujiandikisha peleka kitambulisho, waandike majina matatu.

Haraka_Haraka:

Kwa hiyo barua ya nini kama anahuisha? Si apeleke cheti kipya yaishe.

MzeeWaKofia:

Kwa sababu hatujui kozi ipo lini, na fomu za wadhamini zinahesabu. Kosa la wengi ni kuanza na wadhamini kwa kuwa ndio rahisi kuwapata. Wenye siku chache wawe wa mwisho: kwanza karatasi za chuo, kisha huduma ya kwanza, halafu wadhamini wasaini wiki ile ile unayopeleka.

MamaWawili:

Na uwaambie waandike kitu chenye nyama. Mdhamini wangu wa tatu aliandika kwamba alinifuata nyuma na kundi la watu 9 siku ya mvua, akaniona nikiwahesabu kila baada ya mto. Ikapita.

Kaa_Kaunta:

Kweli, hiyo inapita. Ila kila mdhamini aandike mwenyewe kwa mkono wake. Fomu mbili zenye sentensi zinazofanana tulikuwa tunaziweka pembeni.

NyayoMbele:

MREJESHO, wakuu. Barua nimepeleka jana. Kaunta walitaka kuikataa, nikaomba kumwona msimamizi. Mama mmoja mtaratibu, akasoma zile karatasi mbili za sababu akizilinganisha, akanyamaza, akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Akasema hawezi kuamua peke yake, nirudi baada ya wiki 2. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kozi ya kuhuisha ipo, tarehe 21 na 22 Juni, cheti kinatoka ndani ya wiki moja. Nimelipia. Nimeandika majina matatu kwa herufi kubwa, nikamwomba aniandikishaye anisomee kwa sauti.

MzeeWaKofia:

Fomu za wadhamini zinakufa lini?

NyayoMbele:

Ya kwanza 31 Agosti, ya pili 3 Septemba. Nimezibandika mlangoni.

Bwana_Stempu:

Na wasipokurudishia pesa za hiyo kozi?

NyayoMbele:

Bwana Stempu, usinianzishe tena.