Naomba ushauri: picha 420 za send-off, rangi hazifanani

Wakuu habari za jioni. Nimepiga picha za send-off ya mdogo wangu, zote RAW, nazihariri kwa Lightroom Classic. Mchana tulikuwa bustanini, usiku tukaingia ukumbini.

Nilitengeneza preset kwa picha moja ya bustani, Temp ikiwa 5500, nikaimwaga kwenye picha zote. Za bustani zikatoka safi. Za ukumbini watu wote wakawa rangi ya chungwa kama wamepakwa manjano! Nikagundua kosa: preset ilibeba White Balance, na taa za ukumbini zilitaka kama 3000 hivi.

Nikaitengeneza upya, nikaondoa tiki kwenye White Balance na Exposure, ibaki na rangi na kontrasti tu. Halafu nikagawa picha kwa mwanga, kila fungu nikarekebisha moja na kuwapa wenzake kwa Sync. Hapo afadhali kubwa.

Kilichonishinda ni picha kama 60 za kukata keki. DJ aliwasha taa za zambarau upande mmoja, balbu za kawaida upande wa pili. Nikiponya shavu moja, la pili linaharibika, na shela jeupe linageuka kijani. Nimejaribu brashi, lakini nikiinakili inabaki palepale wakati bibi harusi ameshasogea.

Mnaofanya kazi hizi, mnapaka moja moja, au hizo mnazigeuza nyeusi na nyeupe yaishe? Mama anataka albamu, na hizo za keki ndizo anazoziulizia.