Bolti za 12.9 zimekatika zenyewe trela likiwa limeegeshwa

fundi_kondele: Habari zenu wadau. Natengeneza matrela ya miwa hapa Kisumu. Moja lina bolti nane za aleni, M16 za daraja la nguvu 12.9, kwenye flanji ya mkono wa kuvutia. Zilikuja nyeusi, mteja akataka zisishike kutu, zikapelekwa kupakwa zinki kwa umeme. Jumamosi jioni tukazikaza kwa spana ya toki, Nm 300, zote zikakubali. Jumatatu asubuhi vichwa vitatu viko chini sakafuni, na trela halijabeba hata muwa mmoja! Muuzaji anadai nilikaza kupita kiasi. Kama ni hivyo, mbona hazikukatika palepale?

jua_kali_nax: Feki hizo. Siku hizi mtu anapiga mhuri wa 12.9 kwenye chuma chochote. Badilisha duka.

mzee_wa_metali: Kabla ya kulaumu duka, fundi, tuambie sura ya pale palipokatika.

fundi_kondele: Zimekatika kichwa kinapokutana na shina. Upande mmoja una punjepunje zinazometa kama sukari, upande wa pili ni kijivu na umeraruka. Shina halijakonda popote.

mzee_wa_metali: Feki iliyo laini ingevutika na kukonda kabla ya kukatika. Uchovu wa chuma nao hauwezi kuja kwa trela ambalo halijatembea. Mimi nashuku haidrojeni.

Asidi ya kusafishia kabla ya kupaka huitoa, na umeme wa kupaka huitoa pia. Nyingi hububujika na kupotea, lakini kiasi hupenya ndani ya chuma, halafu zinki inakaa juu yake kama kifuniko. Ukishakaza, kona ya chini ya kichwa ndiyo inayovutwa zaidi, na haidrojeni husogea polepole kuelekea huko. Ufa unaanza, unakula shina kidogo kidogo, mpaka kilichobaki kishindwe na mzigo. Huo upande wa kijivu ndio uliokatika mwisho. Kwa hiyo toki yako haina kosa, ila ni muda tu ulikuwa haujatimia.

12.9 ina ugumu wa HRC 39 hadi 44 kwa kipimo cha Rockwell, na tatizo hili huanza kuwa kali karibu na hiyo 39. 8.8, daraja la chini yake lililo laini zaidi, haivuki 34 hivi, ndiyo maana watu wanaipaka zinki kila siku bila kusikia kisa.

mama_oveni: Dawa yake ni kuoka. Nyuzi 200 kwa saa nne, haidrojeni inatoka. Fungua hizo tano zilizobaki uzioke, umemaliza.

mzee_wa_metali: Kuoka ni sahihi, mama, lakini huokwa mara tu baada ya kupakwa, kwa kawaida ndani ya saa nne, na kwa chuma kigumu hivi saa nne ni chache, wengine hufika 24. Hizo tano zimeshakaa zikivutwa. Kama zina ufa, moto wa oveni hauuzibi. Zitupwe.

wa_mvuke: Huku Olkaria gesi ya visima ina salfidi ya haidrojeni, na vyuma vingi vinavyoigusa haturuhusu vizidi HRC 22. Kwa hiyo hata hiyo 8.8 itamkatikia.

mzee_wa_metali: Kwenye visima vyenu gesi inalisha chuma haidrojeni mchana na usiku. Shamba la miwa halina hiyo. Ila umenikumbusha jambo: zinki ikichubuka na kulowa tope, inapolinda chuma kwa kuliwa yenyewe inaweza kuzalisha haidrojeni papo hapo. 12.9 yenye zinki inaweza kupita wiki ya kwanza ikaja kukatika masika. Daraja la Bay kule San Francisco, Machi 2013, fimbo 32 kati ya 96 za chuma kigumu kilichochovywa zinki zilikatika siku chache tu baada ya kuvutwa, na mabishano yakawa haidrojeni ilitoka kiwandani au kwenye maji.

Mimi ningeacha 12.9 kabisa. M16 yake ukiikaza robo tatu ya uwezo inabana kama kN 114. M20 ya 8.8, kwa robo tatu hiyo hiyo, inakupa kama kN 110. Mbano haupungui sana, na zinki unapaka.

jua_kali_nax: Bado nasema pima ugumu. Iliyopozwa vibaya kiwandani inaweza kuwa ngumu kupita 44.

mzee_wa_metali: Hapo sikupingi. Pima moja ambayo haikupakwa.

fundi_kondele: Asante mzee. Shida ni kwamba vichwa vya aleni vimezama kwenye vishimo vya flanji. Hekisa ya M20 haiingii, na nikipanua nitagusa weldi ya mkono.

mzee_wa_metali: Weldi usiiguse. Basi baki na M16 ya 12.9, mpya, nyeusi, yenye mafuta, upake rangi juu baada ya kukaza. Au tafuta zilizopakwa unga wa zinki bila umeme wala asidi. Vyovyote, kaza mbili kwenye kipande cha flanji chenye washa ya mshazari, uziache saa 48 kabla ya kugusa trela.

fundi_kondele: Za unga wa zinki kuna anayeziuza Nakuru au Eldoret?