Mrejesho: kamera za dukani sasa naziona nikiwa nyumbani

Swali langu lilikuwa: "Nimefungua poti 8000 kwenye ruta ya dukani Kariakoo, lakini nikifika nyumbani Mbagala aplikesheni inagoma kuunganisha. Shida nini?"

Wakuu, imekubali. Aliyesema nilinganishe anwani mbili za IP alipatia. Ukurasa wa ruta, sehemu ya WAN, yaani upande wa intaneti, ulionyesha 100.72.18.5, tovuti ya kuangalia IP ikaonyesha namba nyingine kabisa. Kumbe mtoa huduma ametupanga wateja wengi nyuma ya anwani moja: mimi nimefungua mlango wa chumba, geti la nje funguo anayo yeye. Hata DDNS niliyotaka kulipia, ile huduma ya kuipa IP inayobadilika jina la kudumu, isingesaidia kitu.

Nikawasha P2P kwenye rekoda ya kamera, maana hapo rekoda yenyewe ndiyo inatoka kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, haingoji kugongewa. Ikabaki "Offline". Kucheki, DNS, anwani ambayo rekoda inaulizia seva iko wapi, ilikuwa 0.0.0.0, yaani tupu! Nikaweka 8.8.8.8, dakika haikuisha ikawa "Online". Nikaskani msimbo wa QR, nikazima waifai ya simu nijaribu kwa bando: mlango wa duka huo hapo. Picha inachelewa sekunde mbili tatu, navumilia.

Poti 8000 nimeifuta.